Miezi 14 na orodha ya wasio na akaunti kabla ya siku ya mshahara

Naanza na alama ya kazi inayotutolea orodha hiyo: nyota nne kati ya tano. Miezi mitatu ya kwanza ningeipa tano bila kufikiri, na mwezi wa nne ningeipa moja kwa hasira.

Mimi ndiye ninayeandaa mishahara kazini kwetu. Mfumo tunaoutumia una kazi ya kujiendesha ambayo kila mwezi, siku chache kabla ya malipo, inapekua kumbukumbu za wafanyakazi na kutoa orodha ya wale ambao taarifa zao za benki zina pengo: hakuna namba ya akaunti, au tawi halijajazwa. Orodha inanikuta kwenye barua pepe asubuhi kabla sijakaa. Zamani nilikuwa nikizijua taarifa hizo siku ya mshahara yenyewe, mtu anaposimama mlangoni na simu mkononi akisema, "Dada, wenzangu wameshapata, mimi mbona kimya?"

Tunalipa tarehe 28, na faili la malipo linatakiwa liwe benki tarehe 26. Watu husahau kwamba hiyo 26 ndiyo siku ya mwisho hasa. Kumrekebisha mfanyakazi mmoja si kuandika namba tu: umtafute, alete uthibitisho wa akaunti kutoka benki yake, mmoja wetu aingize, mwingine aidhinishe. Akiwa safarini au zamu ya usiku, siku mbili zimekwisha. Kwa hiyo tuliomba orodha itoke siku tano za kazi kabla ya malipo. Kutoka mapema zaidi ya hapo hakusaidii, maana waajiriwa wapya wa mwezi huo wanakuwa bado hawajaingizwa kwenye mfumo, na unapata orodha safi ya uongo.

Sasa huo mwezi wa nne. Orodha ilikuja na majina 9. Wawili walikuwa wanalipwa taslimu kwa makubaliano, kwa hiyo hawakustahili kuwemo. Wanne walikuwa wapya, watatu ni wa zamani waliohamishwa kutoka idara nyingine na karatasi zao zikabaki njiani. Kufikia tarehe 25 wote saba walikuwa wamekamilika. Nikaenda nyumbani nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Tarehe 28 watu watatu hawakupata mshahara, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuonekana kwenye orodha.

Nilirudi kwenye hesabu. Rasimu ya mshahara ilikuwa na watu 386. Ukitoa wale wawili wa taslimu, faili la benki lilitakiwa liwe na mistari 384. Lilikuwa na 382. Mfumo uliwaruka wawili bila kelele yoyote, na katika hao 382 benki ikarudisha mstari mmoja. Ningelinganisha idadi hizo tarehe 26 ningeona upungufu wa wawili pale pale. Sikulinganisha, kwa sababu nilikuwa na orodha, na orodha ilishasema mambo ni shwari.

Huyo aliyerudishwa na benki ndiye aliyenichekesha baadaye, siku ile sikucheka. Sehemu yake ya namba ya akaunti ilikuwa na nafasi tupu moja. Mtu aliyemwingiza alishindwa kuendelea na fomu kwa kuwa sehemu hiyo ni ya lazima, akabonyeza kitufe cha nafasi, fomu ikakubali. Kwa jicho la binadamu pale hapana kitu. Kwa kompyuta pana herufi moja, nayo si sawa na kutokuwa na kitu. Kazi yetu ilikuwa inatafuta `NULL` peke yake, yaani sehemu isiyojazwa kabisa, ikampita. Wakati wa kutengeneza faili mfumo nao ukaona ana akaunti, ukamwandikia mstari wenye akaunti ya hewa.

Wa pili alikuwa ameacha kazi tarehe 12. Alikuwa na siku zake 12 za mshahara na malipo ya likizo ambayo hakuichukua. Akaunti yake ilishafutwa kwenye mfumo alipokuwa anafungiwa kumbukumbu. Kazi ilikuwa inapekua wafanyakazi walio kazini tu, na yeye hakuwa kazini tena ingawa bado alikuwa anatudai.

Wa tatu ndiye wa kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa kosa lake haliko kwenye taarifa. Alituandikia kwamba akaunti ya zamani anaifunga tarehe 25 na mpya itumike kuanzia mwezi unaofuata. Mhusika akaingiza hivyo hivyo alivyoandika: ya zamani hadi tarehe 25, mpya kuanzia tarehe 1. Kazi ilipopita tarehe 21, ilijiuliza kama mtu huyu ana akaunti leo. Leo alikuwa nayo. Siku ya malipo, tarehe 28, alikuwa katikati ya akaunti mbili bila hata moja. Kumbukumbu zote zilikuwa sahihi. Swali ndilo liliulizwa kwa tarehe isiyo yake.

Nilikaa na kijana wetu wa mifumo, tukaandika upya. Nampa sifa zake: alisikiliza kwanza, akaandika baadaye. Hiki ndicho kiini chake, nimekiweka kwa anayetaka kulinganisha na cha kwao:

```sql
SELECT r.namba_mfanyakazi
FROM rasimu_mshahara r
LEFT JOIN akaunti_benki a
  ON a.namba_mfanyakazi = r.namba_mfanyakazi
 AND a.kuanzia <= :siku_ya_malipo
 AND (a.hadi IS NULL OR a.hadi >= :siku_ya_malipo)
WHERE r.mwezi = :mwezi
  AND r.njia = 'BENKI'
  AND r.baada_ya_makato > 0
  AND (a.akaunti IS NULL OR TRIM(a.akaunti) = ''
    OR a.tawi IS NULL OR TRIM(a.tawi) = '');
```

Watu sasa wanatoka kwenye rasimu ya mshahara ya mwezi huo, si kwenye daftari la waliopo kazini. Yeyote tunayepaswa kumlipa chochote baada ya makato yumo, awe amebaki au ameondoka. Wa taslimu wametoka, kwa hiyo sipotezi tena asubuhi nzima kuwachambua. Tarehe inayoulizwa ni siku ya malipo. Na `TRIM` inaondoa nafasi tupu pembeni kabla ya kuuliza kama kimebaki kitu. Gharama yake ni kwamba rasimu lazima iwe imekokotolewa kabla kazi haijapita, jambo lililotulazimu kufunga maingizo ya mwezi siku mbili mapema kuliko tulivyozoea. Wakuu wa idara walilalamika. Bado wanalalamika.

Ratiba nayo ilitupa kituko chake. Nilisema: itoke tarehe 21, ila isitoke siku za mwisho wa wiki. Kijana akaandika hivi:

```
0 6 21 * 1-5
```

Akasoma mstari huo kama "tarehe 21, ikiwa ni Jumatatu hadi Ijumaa". Cron, programu inayoamsha kazi kwa ratiba, haisomi hivyo. Ukibana tarehe ya mwezi na siku ya wiki kwa pamoja, inaendesha kazi pale mojawapo inapotimia. Tukaanza kupokea barua kila siku ya kazi, saa 12 asubuhi. Siku mbili za kwanza nilizifungua. Kufikia siku ya sita nilikuwa nazifuta bila kusoma, na hapo ndipo nilipoogopa, maana barua isiyosomwa haina tofauti na barua ambayo haikutumwa. Siku hizi kazi huamka kila siku, inatazama jedwali la sikukuu na siku za mapumziko, inahesabu siku za kazi zilizobaki, na kama si siku ya tano au ya tatu kabla ya malipo inalala tena. Hiyo ya tatu inaangukia kabla tu faili halijaondoka, kuwakamata walioingizwa kwa kuchelewa. Jedwali la sikukuu linajazwa kwa mkono kila mwaka, na mwaka ulipobadilika mtu alisahau. Sisemi nani.

Jambo jingine nililodai: barua ije hata kama hakuna jina. Awali ilikuwa kimya pasipo na pengo, na kimya hicho hicho ndicho unachokipata seva ikizimika au neno la siri la hifadhidata likibadilishwa. Sasa mstari wa kwanza unasema wamekaguliwa wangapi na wamekutwa wangapi. Mwezi mmoja ilisema wamekaguliwa 0, wamekutwa 0. Rasimu ilikuwa bado haijakokotolewa. Kwa mtindo wa zamani ningesherehekea.

Nitaje pia isichoweza. Inatafuta kisichokuwepo, kilichokosewa haikioni. Namba yenye tarakimu mbili zilizopishana inapita salama, na utaijua benki ikiirudisha, au vibaya zaidi, fedha zikiingia kwa mtu mwingine mwenye namba hiyo. Kwa wapya wote tunasoma namba kutoka kwenye uthibitisho wa benki, watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti.

Halafu siku hizo chache za kukimbizana ndizo matapeli wanazozipenda. Mara moja nilipata barua pepe yenye jina la mfanyakazi wetu, ikiomba tubadilishe akaunti yake "haraka kabla ya mshahara". Nilimpigia kwa namba tuliyokuwa nayo kwenye faili lake, si ile iliyoandikwa chini ya barua. Akaniambia, "Mama, mimi sijaandika kitu." Kwa sababu hiyo orodha yetu haina namba za akaunti wala majina kamili, ina namba ya mfanyakazi, idara, na kilichokosekana. Wanaoipokea ni wawili. Zamani ilikuwa inakwenda kwa wakuu wote wa idara ikiwa na kila kitu, na hakuna aliyeona tatizo, mimi nikiwemo.

Nyota ya tano naizuia kwa jambo moja. Kazi hii haigusi faili la benki lenyewe. Nimeomba mara mbili iongezwe hatua ya mwisho: ichukue idadi na jumla ya fedha kwenye rasimu kwa njia ya benki, ilinganishe na idadi na jumla kwenye faili, ikatae kulitoa zikipishana. Ningekuwa nayo mwezi ule wa nne, wawili kati ya wale watatu wangelipwa kwa wakati. Nimejibiwa kwamba faili linatengenezwa na sehemu nyingine ya mfumo, na hilo ni ombi tofauti. Mwezi huu rasimu ina watu 391, wa taslimu ni wale wale wawili, na faili lina mistari 389. Nimehesabu mwenyewe, kwa kalamu, pembeni ya karatasi.