Kutoka lebo ya kifurushi hadi orodha ya wateja: miezi 5 na kisoma-maandishi cha simu yangu

Nauza leso na vikoi kutoka Mombasa, na wateja wangu wengi wa ng'ambo ni watu wetu walioko Uingereza. Ukimwomba mtu wa huko anwani, mara nyingi haandiki. Anakutumia kwa WhatsApp skrinishoti ya lebo ya kifurushi kingine alichowahi kupokea. "Dadangu, anwani ndiyo hiyo, nakili tu," aliniambia mteja mmoja mwanzoni mwa mwaka. Nikanakili tu. Kifurushi kikazunguka wiki saba, kikarudi dukani kikiwa na stika ya kusema anwani haijulikani.

Siku ile nilinakili, na mpaka leo nanakili, kwa kisoma-maandishi kilichomo ndani ya simu, kile ambacho unabonyeza picha kwa muda, maneno yanawaka, unayanakili. Nayabandika kwenye programu ya majina ya simu, ambayo ina nafasi zake za mtaa, mji, postikodi na nchi. Vyote viwili ni vya bure. Kwa kusoma herufi naipa simu nyota 4 kati ya 5. Kwa kupanga anwani naipa 2, na hiyo ya pili ni kwa huruma.

Nitaonyesha kwa lebo moja. Mtaa, namba na postikodi nimebadilisha ili nisimwanike mteja wangu, lakini makosa ni yale yale. Lebo yenyewe ilikuwa na anwani upande wa kushoto, na upande wa kulia uzito, namba ya kumbukumbu na idadi ya maboksi. Simu ikanipa hivi:

```
TO MTEJA 1.2KG
FLAT 3 2148 MARWOOD ROAD EAST HAM
GREATER LONDON REF 88410
LONDON E6 OZZ 1/1
GB
```

Kosa la kwanza ni la macho ya simu. Haijui kwamba lebo ina safu mbili. Inasoma kutoka kushoto hadi kulia kama mtu anayesoma gazeti bila kujali mstari wa katikati. Uzito ukaingia kwenye jina, namba ya kumbukumbu ikaingia kwenye kaunti. Dawa yake ni rahisi na sasa siiachi: kabla ya kunakili nakata picha, nabakisha kile kipande cha anwani ya mpokeaji peke yake. Lebo nyingine zina anwani ya mtumaji pia, kwa herufi ndogo pembeni, na bila kukata picha unaweza kuondoka na ghala la duka fulani la Manchester ndani ya jina la mteja wako wa London.

Kosa la pili ndilo lililonirudishia kifurushi. Tazama ule mstari wa mtaa: 2148. Niliikubali. Mpwa wangu anayenisaidia dukani siku za Jumamosi ndiye aliyeikuza picha hadi ikawa vumbi, akaniita: "Shangazi, hii ni nane au ni B?" Ilikuwa B. Nyumba namba 214B, yaani jengo la 214 lililogawanywa. Kwenye karatasi ya joto, ile inayochapwa bila wino, herufi B ikififia kidogo upande wa kushoto inakuwa 8 kabisa. Na ikiwa mteja naye amepiga picha ya picha, usitegemee huruma.

Ubaya ni kwamba namba ya nyumba haina kanuni ya kuipima. Postikodi ya Uingereza inayo, na hapo ndipo nilipojifunza kitu kilichoniokoa mara nyingi. Postikodi yao ina vipande viwili vyenye nafasi katikati. Kipande cha pili daima ni tarakimu moja ikifuatwa na herufi mbili, na herufi hizo mbili haziwi kamwe C, I, K, M, O wala V, kwa sababu zinafanana mno na herufi au tarakimu nyingine. Kwa hiyo simu ikiniandikia E6 OZZ, sihitaji hata kukuza picha. Baada ya nafasi lazima ije tarakimu, basi ile O ni sifuri: E6 0ZZ. Vivyo hivyo ukiona 1 au 0 kwenye herufi mbili za mwisho, au ukiona I au O, ujue simu imekosea kusoma na urudi kwenye picha.

Postikodi ikishasimama, ndiyo naitumia kuisuta namba ya nyumba. Royal Mail, yaani posta ya Uingereza, wana kitafutio cha postikodi kwenye tovuti yao. Unaingiza postikodi, kinakuletea orodha ya milango iliyo chini yake. Postikodi moja ya huko kwa kawaida ni kipande tu cha mtaa, nyumba kadhaa, kwa hiyo orodha haichoshi. Nilipofanya hivyo kwa mteja huyu, namba 2148 haikuwepo, 214B ipo. Dakika moja. Wiki saba zile ningeweza kuzinunua kwa dakika moja.

Sasa kupanga mistari. Lebo yenyewe si mwalimu mzuri wa hili, maana mifumo mingi ya kampuni za usafirishaji hupima mstari kwa idadi ya herufi, mara nyingi 35 hivi, na kinachozidi kinasukumwa chini au kinakatwa. Ndiyo maana fleti, mtaa na kitongoji vimebanwa mstari mmoja. Mistari ya lebo imekatwa na mashine, haikukatwa na mtu wa posta. Ukiinakili jinsi ilivyo, orodha yako itakuwa na wateja kumi walioandikwa kwa mitindo kumi, na siku ukitafuta wote wa London hutawapata.

Mtindo nilioufunga mimi ni huu:

```
Mteja
Flat 3
214B Marwood Road
LONDON
E6 0ZZ
UNITED KINGDOM
```

Jina mstari wake, fleti mstari wake, namba na mtaa pamoja, mji wa posta kwa herufi kubwa, postikodi peke yake, nchi mwisho. Greater London nimeitoa kwa kuwa Royal Mail hawahitaji kaunti ikiwa mji wa posta na postikodi vipo. East Ham nimeitoa kwa sababu orodha ya kitafutio haikuiweka kwenye anwani hiyo. Kuna anwani za vijijini ambako jina la kitongoji linatakiwa, na hapo naliacha juu ya mji. GB nimeiandika kwa urefu kwa sababu mtu wa kwanza kuisoma ni karani wa hapa kwetu, na yeye anachotafuta ni nchi kamili kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Mikato mwishoni mwa mistari siweki.

Programu ya majina ya simu ndiyo iliyonichosha. Ukibandika mistari yote sita kwenye nafasi ya mtaa, inaipokea kimya kimya, na kwa macho kila kitu kinaonekana sawa. Ukija kuitoa faili ya wateja ndipo unakuta mji hauna kitu, postikodi haina kitu, na mtaa umejaa kama daladala ya saa moja asubuhi. Ukiiachia igawanye yenyewe, yangu inaweka "LONDON E6" kwenye mji na "0ZZ" kwenye postikodi. Kwa hiyo nagawanya kwa mkono: fleti na mtaa kwenye nafasi ya mtaa kwa mistari miwili, London kwenye mji, nafasi ya jimbo naiacha tupu, na kadhalika. Nikiitoa kama faili ya vCard, ile ya kuhamishia majina kutoka simu moja hadi nyingine, mstari wa anwani unatoka hivi:

```
ADR;TYPE=HOME:;;Flat 3\n214B Marwood Road;LONDON;;E6 0ZZ;United Kingdom
```

Usiogope zile nukta mkato. Anwani ya vCard ina nafasi saba kwa mpangilio usiobadilika: sanduku la posta, nyongeza ya anwani, mtaa, mji, jimbo, postikodi, nchi. Nafasi tupu bado inahesabiwa, ndiyo maana kuna mbili mwanzoni na nyingine kabla ya postikodi. Ile `\n` ni kushuka mstari ndani ya nafasi ya mtaa. Na zile mbili za mwanzo kuachwa tupu si uvivu wangu: waraka wa vCard 4, yaani RFC 6350 wa mwaka 2011, unashauri hivyo hivyo, kwa sababu programu tofauti huzichukulia tofauti. Nilikuwa naweka "Flat 3" kwenye nafasi ya pili. Nilipohamisha majina kwenda simu mpya, fleti za wateja wengine zikapotea na nyingine zikahamia chini ya mtaa.

Ushauri huo wa nafasi tupu unamgusa pia mtu wa hapa nyumbani, maana sisi anwani zetu ni masanduku. Wateja wa Nairobi na Kisumu naweka "P.O. Box" na namba yake kwenye nafasi ya mtaa, si kwenye nafasi ya sanduku ambayo programu inanionyesha kwa mbwembwe. Zile tarakimu tano baada ya kistari, kama 80100 ya Mombasa au 40100 ya Kisumu, zinaingia kwenye postikodi. Kistari hicho ni chembamba na kisoma-maandishi hukimeza mara kwa mara, kisha sanduku na postikodi vinaungana kuwa namba moja ndefu. Hesabu tano kutoka kulia, kata hapo.

Wa Nairobi wana mtego wao. Postikodi ya Posta Kuu ni 00100, na ukiifungua faili ya wateja kwenye spredishiti kabla ya kuiambia kwamba safu hiyo ni maandishi, sifuri mbili za mbele zinatoweka na unabaki na 100. Nilichapa lebo 14 za Nairobi zikiwa hivyo. Karani wa dirishani alizitazama, akacheka, akachukua kalamu akaongeza sifuri moja moja kwa mkono. Sifa kwake.

Sitairudisha programu hii wala sitaibadilisha. Lebo ninayokata picha vizuri inanichukua dakika tatu hivi mpaka mteja aingie kwenye orodha, na kabla ya hapo nilikuwa nachapa herufi moja moja huku nimeinamisha shingo. Picha ya lebo siifuti mpaka mzigo ufike. Yule wa fleti 3 alipokea leso zake safari ya pili, akanitumia shukrani pamoja na skrinishoti ya lebo ya dada yake wa Leicester, imepigwa kwa pembeni, na kidole gumba juu ya postikodi.