Densitomita ya mtumba na programu yake ya pato la moyo: uzoefu wangu baada ya miezi 8 (nyota 3 kati ya 5)

Naandika kwa anayefikiria kununua seti ya aina hii: densitomita, pampu ya kuvuta damu na programu ya kukokotoa. Sitaji kampuni, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinaweza kuwa za seti niliyopata mimi tu.

Kazi yenyewe ni kupima pato la moyo, yaani lita za damu ambazo moyo husukuma kwa dakika. Unadunga miligramu 5 za rangi ya indosianini ya kijani kwa mkupuo kwenye vena kubwa, huku pampu ikivuta damu kutoka kwenye ateri kwa kasi isiyobadilika na kuipitisha kwenye kijumba cha kioo. Hapo densitomita husoma ukolezi wa rangi kwa mwanga wa nanometa 805. Ukolezi huo ukichorwa dhidi ya muda ndio mkunjo, na pato la moyo ni kiasi cha rangi iliyodungwa gawanya kwa eneo lililo chini ya mkunjo huo. Urefu huo wa wimbi una sababu yake: hapo himoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mwanga sawasawa, kwa hiyo oksijeni ya mgonjwa ikishuka katikati ya kipimo, mkunjo hauguswi.

Upande wa vifaa, sina malalamiko makubwa. Msomo hautikisiki, na pampu haijawahi kusuasua, jambo ambalo ni muhimu kwa sababu ikipunguza kasi mkunjo hurefuka kwa muda ambao haukuwepo mwilini. Ila kitabu cha maelekezo hakisemi mambo mawili ambayo mtu huyajua baada ya kuumia. La kwanza, rangi huyeyushwa kwa maji safi ya sindano. Ukitumia maji ya chumvi hujikusanya, na ukishaiyeyusha itumie ndani ya saa 6. La pili, soma chupa ya heparini. Ikiwa ina bisalfaiti ya sodiamu kama kihifadhi, hupunguza uwezo wa rangi kunyonya mwanga, nawe utaona ukolezi mdogo kuliko uliopo na pato la moyo kubwa kuliko ukweli.

Usawazishaji hufanywa kwa damu ya mgonjwa huyohuyo, iliyotolewa kabla ya rangi. Ninatengeneza mchanganyiko wa miligramu 0.5 kwa mililita, kisha naweka mililita 0.1 kwenye 9.9 za damu kupata miligramu 5 kwa lita, na 0.2 kwenye 9.8 kupata 10. Kilele cha mkunjo kikizidi sampuli ya juu kabisa, nachukua sampuli nyingine badala ya kubahatisha.

Nyota mbili nilizozikata zinahusu programu, hasa inavyoushughulikia mkia wa mkunjo.

Rangi haipiti mara moja tu. Kabla mkunjo haujashuka hadi sifuri, rangi iliyokwisha kuzunguka mwili hurudi, na mkunjo hupanda tena kidogo. Ukihesabu eneo lote unaloliona, unaihesabu rangi ileile mara mbili. William Hamilton na wenzake, Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, waliliona jibu: sehemu ya kushuka hupungua kwa uwiano uleule kila sekunde, kwa hiyo ukichora logi asilia ya ukolezi dhidi ya muda unapata mstari ulionyooka, nao ndio unaourefusha hadi sifuri kana kwamba mzunguko wa pili haupo. Eneo la mkia huo ni jepesi: ukolezi wa pointi ya mwisho uliyoikubali, gawanya kwa kasi ya kupungua, k.

Chukua mkunjo huu, wenye usomaji wa kila sekunde. Rangi inaonekana kwenye ateri sekunde ya 6 baada ya kudunga, kilele ni miligramu 8.6 kwa lita sekunde ya 12. Kutoka sekunde ya 15 usomaji ni 6.3, 5.3, 4.5, 3.8, 3.2, 2.7, halafu 2.4, 2.3, na sekunde ya 23 unarudi 2.4. Kutoka 6.3 hadi 2.7, yaani takriban asilimia 73 hadi 31 ya kilele, kila usomaji ni karibu 0.845 ya uliotangulia. Hapo ndipo mstari ulipo. Kwa uwiano huo sekunde ya 21 ilitakiwa iwe 2.28, tayari ni 2.4, mzunguko wa pili umeshaingia.

Hesabu nzima ni mistari michache:

```python
import numpy as np
t = np.arange(6, 21)
c = np.array([0,.4,1.5,3.5,5.9,7.8,8.6,8.3,
              7.4,6.3,5.3,4.5,3.8,3.2,2.7])
k = -np.polyfit(t[9:], np.log(c[9:]), 1)[0]
eneo = ((c[1:] + c[:-1])/2).sum() + c[-1]/k
print(60*5/eneo)
```

Eneo la trapeza hadi sekunde ya 20 ni 67.85. k ni 0.169, mkia unaongeza karibu 16, jumla 83.8. Miligramu 5 mara sekunde 60 gawanya kwa 83.8 ni lita 3.58 kwa dakika. Ukiuacha mkia unapata 4.42, kwani umeitupa karibu sehemu moja kwa tano ya eneo.

Sasa programu. Mkunjo huohuo ulipoingizwa, ilijichagulia pointi za sekunde ya 19 hadi 22, labda kwa sababu iliambiwa itafute mahali pa chini kabla ya kupanda. k ikawa 0.11, mkia ukarefuka, jibu likawa lita 3.2. Hilo ni pungufu la asilimia 10, na kwenye skrini hakuna lolote linaloashiria kosa: mkia uliochorwa unapendeza kabisa. Mpaka ubonyeze kuona mchoro wa logi, ambao umefichwa ndani ya menyu ya tatu, ndipo unapoona pointi mbili za mwisho zimejiinua juu ya mstari. Bahati nzuri inakuruhusu kuburuta mipaka kwa mkono. Mimi sikubali jibu lolote bila kuutazama mchoro huo.

Kosa la pili ni sifuri. Baada ya kudunga mara ya kwanza damu hubaki na rangi kidogo, na programu haiweki sifuri upya yenyewe. Ongeza 0.2 tu kwenye kila usomaji wa mkunjo ule ule na jibu linashuka hadi 3.38. Dalili yake ni mstari wa logi unaopinda taratibu kuelekea juu tangu mwanzo, wala si kuinuka ghafla mwishoni.

Kosa la tatu si la programu, ila inalibeba kimya kimya. Inaamini miligramu 5 ziliingia. Rangi ikiwa mililita 1 na 0.1 ikabaki kwenye kiungo cha katheta, zimeingia 4.5 na jibu linazidi kwa asilimia 11. Sukuma mara moja kwa maji ya chumvi mililita 10. Hapo hayadhuru, maana rangi tayari iko njiani kwenda kwenye damu.

Wenye wagonjwa wa moyo dhaifu sana au vali zinazovuja wajue kwamba hapa seti haitawasaidia, na si ya kulaumiwa. Mkunjo wao huwa mpana na mfupi, na rangi hurudi kabla ya kushuka hata nusu ya kilele. Hakuna kipande kilichonyooka cha kurefusha, na programu itatoa namba hata hivyo, yenye desimali mbili.