Kontrola tatu za PS4 mezani: mshono, alama za vitufe, na bodi iliyo ndani

Uhakiki huu ni wa kontrola tatu za DualShock 4, zote zikiwa na maandishi CUH-ZCT2 mgongoni, yaani toleo la 2016 lenye ufito wa mwanga unaoonekana juu ya padi ya kugusa. Ya kwanza ilitoka ndani ya boksi la PS4 yenyewe, kwa hiyo ndiyo kipimo changu. Ya pili ni mpya, imefungwa kwa nailoni, shilingi 2,800 katika duka moja pande za barabara ya Luthuli, Nairobi, na muuzaji aliapa ni orijino. Ya tatu imetumika, shilingi 3,500, ya mtu aliyeitangaza mtandaoni na kuniletea mjini.

Niseme mapema: ya pili ni feki nje na ndani. Ya tatu ndiyo iliyonifundisha, kwa sababu ganda lake ni feki na bodi yake ni ya Sony. Anayenunua kwa kuangalia nje tu angeikataa, na angekuwa ameacha mali.

Tuanze na mshono, pale ganda la mbele linapokutana na la nyuma. Shika kontrola usawa wa macho, dirishani, kisha ifuate laini hiyo kuanzia tundu la USB, upite chini ya L1, ushuke hadi ncha ya mshiko, halafu urudi upande wa pili. Kwenye ile ya kipimo laini ni nyembamba na upana wake haubadiliki. Ukipitisha ukucha kwa kuukata mshono, ukucha unavuka bila kukwama. Kwenye ya pili ukucha unakwama ncha za mishiko yote miwili, kwa kuwa ganda la nyuma limetokeza kidogo kuliko la mbele, na karibu na L1 kuna mwanya ambao karatasi ya risiti inaingia. Pia kuna ukingo mkali wa plastiki iliyovuja kwenye kalibu wakati wa kumiminwa, na hakuna aliyejali kuusawazisha. Sasa kamata mishiko miwili uikamue kama unayekamua nguo: ya kipimo inanyamaza, ya pili inalia kama kiti cha plastiki.

Hata hivyo mshono unaweza kukudanganya. Kontrola halisi iliyowahi kufunguliwa na fundi mwenye haraka nayo huacha mwanya, aidha kwa sababu kishikizo cha ndani kimevunjika au kwa sababu L1 haikurudishwa sawasawa. Tofauti iko katika umbo la kasoro. Ya fundi huwa mahali pamoja, na pembeni yake utaona alama ya bisibisi. Ya kiwandani hujirudia kulia na kushoto, kwa sababu kalibu yenyewe ndiyo mbovu.

Vitufe vinne vya kulia vinahitaji mwanga wa simu. Umulike kutoka ubavuni, usimulike kutoka juu. Katika kontrola ya Sony alama ya pembetatu, duara, msalaba na mraba haikuchorwa juu ya kitufe. Uso ni laini kabisa, na kidole hakihisi chochote mahali rangi ilipo. Ya pili ina wino juu. Mwanga wa ubavuni unaonyesha mwinuko mdogo, mistari ni minene, na pembetatu imekaa chini ya katikati kiasi kwamba ukiizungusha kontrola inaonekana kama inateleza. Wino wa namna hiyo huanza kufutika kwenye msalaba, maana ndicho kitufe kinachobonyezwa kuliko vingine.

Kisha soma maneno SHARE na OPTIONS. Haya hata kwenye ile halisi yamechapwa juu ya ganda, kwa hiyo usitafute mwinuko. Tafuta ukali wa herufi. Piga picha kwa karibu, uivute. Halisi inabaki na kona safi, na tumbo la herufi A na la R liko wazi. Kwenye ya pili tumbo la A limezibwa na wino. Kasoro kama hiyo haihitaji utaalamu, inahitaji kamera ya simu tu, na ungeiona ukiwa bado kaunta.

Kuhusu uzito, Sony hutaja takriban gramu 210. Ya pili ilisoma 183 kwenye mizani ya jikoni. Sababu nitaifikia.

Kufungua ni kazi ya dakika tano. Skrubu ni nne, zote mgongoni, na bisibisi ya nyota ya PH00 inatosha. Maduka mengi ya hapa hubandika kikaratasi juu ya skrubu moja, na ukikitoboa warantii yao imekwisha, kwa hiyo amua kwanza. Skrubu zikitoka, anza kubandua kwenye ncha za mishiko. Usilivute ganda la nyuma kwa nguvu, kwa sababu bodi ndogo ya USB na taa imekaa ndani yake na imeunganishwa na bodi kuu kwa utepe mwembamba. Ukiuchana utepe huo, kontrola haichaji tena. Springi za L2 na R2 nazo hupenda kuruka, fanyia kazi hii juu ya taulo.

Cha kwanza utakachoona ni betri. Ya kipimo imeandikwa LIP1522, 1000 mAh. Ya pili ina kipande kilichofungwa kwa plastiki ya buluu, bila jina wala kiwango chochote. Lakini betri hubadilishwa, usihukumu hapo. Angalia mota za mtetemo. Sony huweka mota mbili zisizolingana: ya kushoto ina kizito kikubwa, ya kulia kidogo, ndiyo maana mtetemo wa gari kupanda kingo za barabara hausikiki sawa na wa bunduki. Ya pili ina mota mbili mapacha, ndogo zote. Hapo ndipo sehemu kubwa ya zile gramu ilipopotea.

Toa betri na sahani yake, bodi itaonekana. Bodi za DualShock 4 zina jina linaloanza na JDM: za toleo la kwanza ni JDM-001 hadi JDM-030, na za ZCT2 ni JDM-040, 050 au 055. Kontrola yenye ganda la ZCT2 na bodi ya JDM-011 ni mchanganyiko wa fundi. Ya kwangu ya kipimo ni JDM-055. Ya pili haina jina kabisa, ina tarakimu chache na tone jeusi la gundi ngumu lililofunika chipu. Kando ya waya za mota kuna mabaki ya kahawia ya flaksi, ile dawa ya kulehemia, na risasi ya kulehemu imerundikana.

Jina peke yake halitoshi, wino mweupe kila kiwanda kinao. Angalia jinsi vitufe vinavyofikisha mbonyezo. Kwenye ya Sony, chini ya mipira ya vitufe kuna filamu nyembamba yenye njia za umeme, imelazwa juu ya fremu ya plastiki, na mwisho wake unagusana na bodi kwa kubanwa tu. Kwenye ya pili hakuna filamu. Bodi yenyewe imerefushwa hadi chini ya vitufe, na mpira unagonga madoa meusi ya kaboni yaliyochapwa juu yake. Huo ni mpangilio tofauti wa bodi nzima. Jina linaweza kunakiliwa kwa sekunde, lakini umbo la bodi ni vigumu kulificha kwenye picha.

Sasa ya tatu. Nje ilikuwa na makosa yote: mwanya kulia na kushoto, mraba wenye wino wa juu, herufi za OPTIONS zilizovimba. Ndani ilikuwa na JDM-055, filamu, mota zisizolingana, LIP1522. Mtu aliweka ganda jipya la bei rahisi juu ya kontrola halisi iliyochakaa, na vitufe vikaja pamoja na ganda. Kinyume chake pia hufanyika, na hicho ndicho kibaya zaidi: ganda halisi lililotolewa kwenye kontrola iliyokufa, likavishwa bodi ya bandia. Kwa hiyo mshono unakuambia habari za ganda, alama zinakuambia habari za vitufe, na bodi inajisemea yenyewe. Usikubali kimoja kimtolee kingine ushahidi.

Muuzaji akikutumia picha ya bodi kwa simu, jihadhari na picha ya kuokota. Mwombe picha moja yenye bodi na ganda la nyuma kando yake, lebo ikisomeka, na kikaratasi chenye jina lako kwa mwandiko wa mkono. Kisha picha ya pili ya karibu, jina la JDM likiwa wazi. Linganisha mkwaruzo wowote wa ganda na ule ulio kwenye tangazo. Wa kwangu alituma baada ya nusu saa, na mkwaruzo ulikuwa pale pale chini ya R1. Anayesema "bosi, hiyo haifunguki" anazungumzia skrubu nne.

Asiyetaka kufungua ana njia ya kompyuta, kwa kebo ya USB yenye waya za data. Kwenye Linux:

```
lsusb | grep 054c
sudo dmesg | grep -i dualshock4
```

`054c:09cc` ndiyo namba ya ZCT2, lakini bandia huikopi, na ya pili yangu iliionyesha bila aibu. Amri ya chini ndiyo yenye maana kwenye mifumo yenye kerneli 6.2 kwenda juu: bandia nyingi hushindwa kujibu maswali ya toleo la programu au ya urekebishaji wa jairo, yaani kihisi cha mzunguko wa kontrola, na utaona mistari yenye maneno `Failed to get`. Kipimo hiki kinaichunguza bodi tu.

Kimatumizi, ya pili inaunganika na inacheza. Padi yake ya kugusa inabonyezeka lakini haifuati kidole, na jairo haisomi kitu. Stiki zake zinarudi katikati kwa uvivu. Stiki kuvuta upande, hata hivyo, si ushahidi wa ubandia, kwani hata za Sony huvuta zikichakaa.

Ya pili haistahili shilingi 2,800; ningekubali kopi inayouzwa kwa jina la kopi, tuseme kwa 1,500. Ya tatu nimebaki nayo. Nimeifuta ukingo wa plastiki kwa msasa laini, na ganda nitalibadilisha nikipata la kontrola iliyokufa.