Biki, jeli au peni ya wino: ipi ya kusainia mkataba?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mezani nina kalamu tatu, zote za bluu: biki, peni ya jeli, na peni ya wino, ile yenye nibu ambayo huwa naijaza kwenye chupa. Naandika neno "Mkataba" kwa kila moja kwenye daftari la kawaida la shule. Nahesabu hadi tano, halafu napitisha kidole.

Biki imetulia. Jeli imeacha mkia wa bluu hadi pembeni. Ya nibu nayo imechafuka kidogo, lakini sasa nageuza ukurasa. Mnaona vidoa hivi? Imepenya upande wa pili, na kingo za herufi zimeota vinyweleo.

Tofauti iko kwenye kile kinachobeba rangi. Wino wa biki ni mzito, hauna maji, una mnato kama wa mafuta. Kigololo kinaupaka kidogokidogo, hivyo hauna nguvu ya kusambaa. Jeli ni maji yaliyofanywa mazito. Kigololo kikizunguka inakuwa nyepesi, ikishatua kwenye karatasi inarudi kuwa nzito, kwa hiyo inakaa juu ikiwa bado mbichi. Kwa mtu wa mkono wa kushoto hii ni shida kweli, maana mkono unafuata nyuma ya maandishi. Wino wa nibu ni mwepesi, karibu maji matupu, na hufuata nyuzi za karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi.

Msiilaumu kalamu peke yake. Karatasi nzuri hutiwa wanga au gundi kiwandani ili isinywe maji ovyo, na daftari la bei ya chini huwa na kidogo mno. Wino uleule kwenye karatasi laini iliyokaza haupenyi, ila unachelewa kukauka.

Sasa kufifia. Niliandika mistari mitatu, nikafunika nusu kwa kadibodi, nikaibandika dirishani wiki sita. Bluu ya nibu, ile inayofulika, imepauka hadi naisoma kwa shida. Biki imepungua. Jeli hii haijabadilika, kwa sababu rangi yake ni chembe ngumu zisizoyeyuka. Hizo mbili zina rangi iliyoyeyushwa, na jua huivunjavunja.

Si kila jeli iko hivyo. Kabla ya kusainia hati ya kiwanja, andika, acha siku nzima, kisha dondosha tone la maji. Ikitiririka, rangi yake imeyeyushwa, iache. Ikistahimili, ibandike dirishani kwanza, maana tone halikuambii habari za jua.

Mimi nasainia kwa jeli nyeusi iliyofaulu majaribio yote mawili. Nikishaweka sahihi nasubiri nusu dakika, halafu natandaza tishu juu yake na kubonyeza, hivi. Sifuti.