Kujitoa kwenye mpango wa akiba ya hiari nikiwa Kigoma: barua niliyoandika na kodi waliyokata

Nimejitoa kwenye mpango wa kuchangia kwa hiari niliokuwemo kwa miaka minne, na fedha zangu nimezipata. Mpango wenyewe siutaji jina. Kwa kulipa, wanalipa. Kwa kupiga hesabu ya kodi, inabidi uwasimamie. Hapo kwenye kodi ndipo nataka kukaa zaidi, maana walimu wenzangu wa hapa Mwanga na Ujiji wananiuliza kila wiki.

Kwanza nitenganishe vitu viwili. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi. Nina NSSF ya lazima, ambayo mshahara wangu unakatwa asilimia 10, na huko sikugusa chochote. Lile fao la kujitoa ambalo watu wengi bado wanaliulizia lilibadilishwa mwaka 2018 likawa fao la kukosa ajira, nalo lina masharti yake na linamhusu aliyepoteza kazi. Nilichojitoa ni akiba ya ziada, shilingi 40,000 kila mwezi, ambayo niliijaza fomu kwa hiari yangu na mwajiri akawa anaipeleka. Nilizihitaji fedha hizo kwa sababu mimi na dada yangu tunanunua mashine ya kukamua mawese.

Barua niliipeleka kwa mkono, nikiwa na nakala ya pili iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kichwa chake kilikuwa: YAH: KUJITOA UANACHAMA WA MPANGO WA HIARI NA KULIPWA MICHANGO YANGU, kikifuatiwa na namba ya uanachama. Maneno yote mawili, kujitoa na kulipwa, lazima yawemo. Mwenzangu mmoja aliandika kwamba anaomba kusitisha michango, wakasitisha kweli, na akaunti yake ikabaki wazi na fedha ndani, kwa sababu kulipwa hakukuomba.

Baada ya "Husika na mada tajwa hapo juu" nilieleza tarehe ya mchango wa mwisho, nikataja akaunti ya benki yenye jina lilelile lililoko kwenye kitambulisho changu cha NIDA, kisha nikauliza maswali matatu. Salio langu ni kiasi gani, michango peke yake na riba peke yake? Riba inahesabiwa hadi tarehe ipi? Na kama kuna kodi itakatwa, inakatwa kwenye sehemu ipi, kwa kiwango gani, na kwa kifungu gani cha sheria? Chini kabisa niliweka Nakala kwa mwajiri, kisha nikamwandikia mhasibu wa shule barua yake ya pekee aache kukata. Usipofanya hivyo, makato yanaendelea, na mchango unaoingia baada ya hesabu kufungwa huanzisha madai mapya.

Majibu ya swali la riba yalikuwa mazuri: wanahesabu hadi mwisho wa mwezi ambao mchango wa mwisho umeingia, kwa kiwango cha riba kilichotangazwa mara ya mwisho. Ila la kodi hawakulijibu. Walinitumia karatasi ya malipo iliyokwisha kupigwa hesabu, nisaini tu.

Karatasi ilionyesha jumla ya shilingi 2,170,000, kodi asilimia 10 sawa na 217,000, kinacholipwa 1,953,000. Mtu mwenye haraka angesaini. Lakini nilijua nimechanga miezi 48, mara 40,000, yaani 1,920,000. Kwa hiyo riba ilikuwa 250,000 tu. Wao walikuwa wamekata kodi kwenye akiba yangu pamoja na riba.

Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba anayolipwa mkazi ni jambo linalofahamika. Lakini je, michango yenyewe ilikuwa imeshalipiwa kodi? Jibu liko kwenye hati ya mshahara, na kulitafuta hakuhitaji mtaalamu. Mshahara wangu ghafi ni 900,000. Ukitoa 90,000 za NSSF, kinachotozwa kodi kinabaki 810,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyokuwa vikitumika, kati ya 760,000 na 1,000,000 kodi ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kilichozidi ni 50,000, robo yake 12,500, jumla 80,500.

Sasa, kama zile 40,000 zingekuwa zimetolewa kabla ya kodi, kiasi cha kutozwa kingekuwa 770,000 na kodi ingekuwa 70,500. Nikatazama mstari ulioandikwa PAYE kwenye hati yangu: 80,500. Basi kila shilingi niliyochanga ilikuwa imeshapita mikononi mwa TRA kabla haijafika kwao. Kuikata tena wakati wa kunirudishia ni kunitoza mara mbili, nami hilo sikuwa tayari kulinyamazia.

Niliandika barua ya pili, fupi, nikaambatisha hati chache za mshahara kutoka miaka tofauti na taarifa ya michango. Sikulalamika, niliweka hesabu hiyohiyo niliyoiweka hapa, nikaomba karatasi ya malipo irekebishwe au nipewe kifungu kinachoruhusu kukata kodi kwenye michango. Afisa alinipigia simu. "Mwalimu, mfumo unakata kwenye jumla," akasema. Nikamjibu kwa heshima kwamba mfumo hauwezi kuwa sababu ya kodi, naomba anipe sheria. Akaomba muda awasiliane na makao makuu.

Karatasi mpya ilipokuja, kodi ilikuwa 25,000, ambayo ni asilimia 10 ya riba peke yake, na kinacholipwa 2,145,000. Tofauti ni 192,000. Kwa hapa kwetu hiyo ni nauli, usafirishaji wa mashine na bado kitu kinabaki.

Hesabu yangu isichukuliwe kama ilivyo na kila mtu. Ikiwa mstari wako wa kodi unaonyesha kwamba mchango wa hiari ulitolewa kabla ya kodi, hoja hii huna, maana hizo fedha hazijawahi kutozwa. Pia mipango husajiliwa kwa namna tofauti, na namna ulivyosajiliwa ndiyo inayoamua kama hata riba inatozwa. Ndiyo maana nasisitiza kuomba kifungu, siyo kiwango tu. Kiwango wanakitaja haraka. Kifungu kinawalazimu kufungua sheria.

Niliomba pia cheti cha kodi ya zuio kwa zile 25,000, wakakitoa bila tatizo, kikiwa na TIN yangu. Nimekihifadhi pamoja na nakala za barua zenye muhuri.

Kwa huduma ya ofisini nawapa alama nzuri: wanapokea barua, wanagonga muhuri, wanapiga simu wenyewe, na fedha ziliingia benki bila kuzungushwa baada ya hesabu kukubalika. Kwa hesabu ya kodi nawapa alama za chini, kwa sababu karatasi ile ya kwanza inatoka hivyohivyo kwa kila anayejitoa. Hadi naondoka, taarifa ya mwanachama ilikuwa bado inaonyesha jumla moja tu, michango na riba vikiwa vimechanganywa, na mwanachama asiyetunza hati zake za mshahara hana namna ya kuona kilichokatwa kimekatwa kwenye nini.