Kutuma dola China kutoka Kigoma: nilivyoikagua karatasi ya uthibitisho

Kikundi chetu kinakamua mawese huku Kigoma, na Machi 2025 tulianza kulipia mtambo wa kukamulia kutoka China. Bei ilikuwa dola 16,000. Masharti yalikuwa yale yale wanayotumia wauzaji wengi wa huko: asilimia 30 kama amana, asilimia 70 kabla mzigo haujapakiwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kwenda benki. Benki siitaji jina, ila ni kubwa na ina tawi hapa mjini. Naandika uzoefu huu kwa sababu watu wengi wanaotuma hela nje wanachukua ile karatasi, wanaipiga picha, wanamtumia muuzaji, basi. Hawaisomi.

Amana ilikuwa dola 4,800. Nilipofika kaunta nilimwambia afisa, "Dada, ukimaliza kuingiza naomba unichapie niangalie kwanza, kabla bosi wako hajaidhinisha." Alishangaa kidogo lakini akakubali. Naomba na wewe ufanye hivyo, kwa kuwa benki huwa na watu wawili kwenye malipo haya, mmoja anaingiza na mwingine anaidhinisha. Kosa likionekana katikati yao linafutwa kwa dakika moja. Likishatoka, ni barua, ada ya marekebisho na kusubiri majibu ya benki ya huko.

Na kosa lilikuwepo. Kwenye proforma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, namba ya akaunti ilikuwa na 58 katikati, kwenye karatasi ikaandikwa 85. Wanaotuma Ulaya wana nafuu hapa, kwa sababu namba za akaunti za huko, zinazoitwa IBAN, zina tarakimu mbili za kujikagua, na mfumo hukataa ukigeuza namba. Akaunti za China hazitumii IBAN. Namba ikikosewa, mashine ya huku haina habari. Kinachobaki kukuokoa ni benki ya mpokeaji kulinganisha namba na jina, na si kila benki duniani inalinganisha. Kwa hiyo nasoma namba kwa mafungu ya tarakimu nne nne, mtu mwingine ameshika proforma, halafu tunarudia kutoka mwisho kuja mwanzo. Kusoma kinyume kunasaidia kwa sababu jicho halipati nafasi ya kubashiri.

Jina nalo lina tatizo lake. Kwenye ujumbe wa zamani wa SWIFT, mtandao ambao benki hutumia kupelekeana maagizo ya malipo, mstari mmoja wa jina ulibeba herufi 35 tu. Kampuni za China zina majina marefu, mji, bidhaa, kisha Co., Ltd mwishoni. La kwetu lilikatika mwishoni na hiyo Ltd haikuonekana. Nikamwomba dada aiendeleze mstari wa pili, akafanya. Benki za China ni wakali kwenye jina la kampuni, linatakiwa lifanane na lililoko kwenye akaunti.

Baada ya kuidhinishwa nikapewa karatasi mbili, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Ya kwanza ni nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo, unaoitwa MT103. Sehemu zinazohusu hela zilikuwa hivi:

```
:32A:250311USD4800,00
:33B:USD4800,00
:71A:SHA
```

32A ni tarehe na kiasi kinachotoka benki kwenda mbele, 33B ni kiasi ulichoagiza, 71A ni nani analipa makato. SHA maana yake mnagawana: wewe unalipa ada za benki yako, mpokeaji anabeba za njiani na za kwake. OUR ni wewe kulipa zote, BEN ni mpokeaji kubeba zote.

Sasa ona, nakala yangu inasema 4,800 kamili. Wiki iliyofuata muuzaji akaandika kwamba amepokea 4,775. Mtu angedhani anadanganya. Hadanganyi. Dola zetu hazitoki Kigoma kwenda China moja kwa moja, zinapitia benki ya kati ambako benki yetu ina akaunti ya dola, mara nyingi New York. Nakala yako inachapwa hela ikiwa inaondoka, kwa hiyo haiwezi kuonyesha makato ambayo bado hayajatokea. Yanaandikwa kwenye ujumbe ambao benki ya kati inaupeleka mbele, sehemu ya 71F. Nilimwomba muuzaji picha ya taarifa ya benki yake ya kupokea, na kweli kulikuwa na `:71F:USD25,00`. Huo ndio ushahidi. Muuzaji akisema kimepungua, usibishane naye kwa nakala yako, mwombe ya kwake.

Karatasi ya pili ni taarifa ya benki ya kukata akaunti yako ya shilingi. Hii ndiyo yenye reti. Kwenye MT103 ipo sehemu ya 36 ya kiwango cha kubadilishia, lakini hujazwa pale tu sarafu ya 33B ikiwa tofauti na ya 32A. Sisi zote zilikuwa dola, hivyo haikuwepo kabisa, na ukiitafuta huko utapoteza muda.

Jumla iliyokatwa ilikuwa shilingi 12,897,800. Ukigawa hiyo kwa 4,800 unapata kama 2,687, na utaenda kugombana kwa jambo lisilo sahihi, kwa sababu ndani yake mna ada na kodi. Toa kwanza ada na kodi, kwetu zilikuwa 129,800. Inabaki 12,768,000. Gawa kwa 4,800, unapata 2,660. Asubuhi ile nilikuwa nimeahidiwa 2,645 kwa simu. Shilingi 15 kwa dola inaonekana ndogo, lakini mara 4,800 ni shilingi 72,000, na kwa kikundi hiyo ni hela ya maana.

Nilirudi na ujumbe wa simu niliokuwa nimemwomba afisa anitumie, wenye reti na saa. Ikaonekana reti tuliyokubaliana haikuingizwa, mfumo ukachukua ile ya ubaoni. Meneja hakubisha, kesho yake 72,000 ikarudi. Kwa hilo nawapongeza kwa dhati. Ila bila ule ujumbe ningekuwa na maneno matupu. Kiwango cha Benki Kuu kinachapishwa kila siku na kinafaa kukuonyesha kama umepigwa sana, lakini si reti unayoweza kudai kaunta. Unachodai ni ulichoahidiwa.

Dola 25 zilizopungua sikuzituma peke yake, kwa kuwa ada ya kutuma ingezidi hizo 25 zenyewe. Nilikubaliana na muuzaji kwa maandishi, nikaziongeza kwenye salio, tukatuma 11,225 kwa OUR. Benki ilichukua ada ya ziada mbele, lakini zilifika zote. OUR si dhamana kwa kila njia, benki ya kati inaweza bado kukata, kwa hiyo taarifa ya mpokeaji niliiomba tena.

Tangu Novemba 2025 benki zimehamia kwenye muundo mpya wa ujumbe huo, pacs.008, kwa hiyo karatasi yako inaweza kuonekana tofauti. OUR sasa inaandikwa DEBT, SHA ni SHAR, BEN ni CRED, na jina lina nafasi ya herufi 140.

Huduma ya kaunta ilikuwa nzuri, na kosa walilirekebisha bila kunizungusha. Kinachonikera ni kwamba hakuna aliyeniambia tofauti ya SHA na OUR kabla ya kusaini. Kwenye fomu ni kisanduku kidogo, na dada alikuwa ameshaweka alama ya SHA mwenyewe.