Fomula ya Sherman na Morrison: inaokoa muda, lakini usiiamini kwa macho yaliyofumbwa

Kazi yangu ni modeli ya kukadiria matumizi ya maji kila saa. Ina safu wima 400, na kila saa inapokea mstari mmoja mpya wa vipimo huku mstari wa zamani kuliko yote ukitolewa. Ili kupata vizidishi vya modeli nahitaji P, yaani kinyume cha matriksi A, ambayo ni jumla ya xxᵀ za mistari yote pamoja na nyongeza ndogo ya 1e-8 kwenye ulalo. Fomula iliyochapishwa na Sherman na Morrison mwaka 1950 inakuruhusu kurekebisha P bila kugeuza A upya:

```python
k = P @ x
d = 1 + x @ k
P -= np.outer(k, k) / d
```

Kwa kasi sina neno. Kugeuza matriksi ya 400 kwa 400 kunadai hesabu milioni 128 hivi, ilhali marekebisho haya yanamalizika kwa takriban 640,000, yaani mara 200 pungufu. Kuongeza mstari peke yake pia hakusumbui sana, kwa sababu d haiwezi kushuka chini ya 1 iwapo P haijaharibika.

Balaa liko kwenye kutoa. Hapo d inakuwa 1 - x @ k, na badala ya kupunguza unaongeza. Fikiria safu wima inayoonyesha kwamba bomba kuu limefungwa, na katika dirisha lote la data ni saa moja tu iliyokuwa hivyo. Siku mstari wa saa ile unapotoka, hakuna kinachobaki kuishikilia safu hiyo ila ile 1e-8 ya ulalo. Kwenye karatasi, d inakuwa karibu na 1e-8 na nafasi ya safu hiyo ndani ya P inapaa hadi 1e8. Kwenye kompyuta, d imepatikana kwa kutoa namba mbili zinazokaribia kulingana. Kati ya tarakimu 16 za awali, nane zimeshakwenda hata kama k ilikuwa safi kabisa, na baada ya maelfu ya marekebisho huwa si safi. Kisha kosa la d linaenezwa na np.outer kwenye kila safu inayohusiana na ile ya bomba. Ukiona d hasi, P imeshaharibika: ukiitumia utapata hata variansi zilizo chini ya sifuri.

Kwa hiyo wengi huweka kizuizi: d ikiwa ndogo mno, piga hesabu upya. Ni jambo jema, ila halitoshi, na hapa ndipo fomula hii inapopoteza nyota kwangu. Inaweza kukosea huku d ikiwa kubwa ajabu. Chukua matriksi ya namba moja tu, A = 1e-16, kisha ongeza 1. Kinyume kipya kinapaswa kuwa 1, au karibu yake kabisa. Jaribu:

```python
p = 1e16
p - p*p/(1 + p)   # 0.0
```

Jibu ni sifuri. Ile 1 imemezwa ndani ya 1 + 1e16, maana kwa ukubwa huo namba za kompyuta zinaruka mbilimbili. Matriksi mpya haina ubaya wowote. Mbaya ilikuwa ile ya zamani, na fomula inalazimika kupitia kwenye kinyume chake. Wanaoanza na P kubwa mno kwa sababu bado hawana data wanajiwekea mtego huu tangu mstari wa kwanza.

Kinachonisaidia ni kuitunza A pembeni, kwani kuongeza na kutoa xxᵀ kwake ni kazi nyepesi. Kila baada ya muda nachukua vekta z ya bahati nasibu na kuangalia A @ (P @ z) inatofautiana kiasi gani na z. Hesabu hiyo inakaribiana na ya marekebisho yenyewe. Tofauti ikizidi 1e-6 ya ukubwa wa z, natupa P na kuijenga upya kutoka A. Vilevile nailinganisha P na transposi yake na kuchukua wastani, ingawa hilo linaondoa tu kupinda na halirudishi tarakimu zilizopotea.

Kwa mistari inayoingia tu, bila kutoka, bado naipa nyota nne. Kwa dirisha linalosogea naipa mbili, na nimehamia kwenye kurekebisha pembetatu ya Cholesky ya A yenyewe badala ya kinyume chake. Gharama nayo inakua kwa mraba wa idadi ya safu, na mstari unapotolewa vibaya, lowrankdowndate! ya Julia na cholupdate ya MATLAB hukataa kwa kosa linalosomeka. Kwenye Python natumia qr_insert na qr_delete za scipy.linalg, japokuwa zinataka kumbukumbu zaidi kwa sababu zinabeba na Q.